Mashine ya kuchomelea kwenye sola: kwa nini inadai inveta na betri kubwa, na namna ya kubana gharama

Mwaka juzi niliitwa na fundi mmoja wa mageti na madirisha, kijiji cha ndani huko wilaya ya Kilwa ambako nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Alikuwa amenunua betri mbili za 200 Ah, akaziunganisha kuwa volti 24, na inveta iliyoandikwa wati 3000. Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa ya transfoma, ile nzito iliyosukwa mtaani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo uone mwenyewe, maana nikieleza hutaamini."

Akashika kijiti cha geji 10, akakigusisha kwenye chuma. Zikaruka cheche mbili tatu, inveta ikalia, taa nyekundu ikawaka, kijiti kikaganda pale pale. Nikaweka mita kwenye betri, nikamwomba arudie. Kabla hajagusa, mita ilisoma volti 25.2. Alipogusa ilishuka hadi 20.6, na inveta ile imepangwa kuzima ikifika 21.

"Betri zimejaa na jua lipo," akasema. "Sasa umeme unakwenda wapi?"

Umeme ulikuwepo wa kutosha. Betri zake zilikuwa kama pipa lililojaa maji lakini koki yake nyembamba, na mashine ya kuchomelea haitaki maji mengi kwa siku, inataka ndoo nzima kwa sekunde moja. Watu wengi wananunua mtambo kwa kuhesabu kiasi cha umeme wa siku, wanasahau ukubwa wa mkupuo, na kwenye kuchomelea mkupuo ndio unaokula hela.

Hesabu ya kijiti kimoja

Tuchukue kijiti cha geji 12, yaani cha milimita 2.5, kinachotumika kwa skwea paipu za madirisha. Hicho huchomwa kwa ampia kati ya 60 na 90, tuseme 80. Volti za moto wenyewe, pale kati ya ncha ya kijiti na chuma, zinakadiriwa hivi:

```
V = 20 + (0.04 x A)
V = 20 + (0.04 x 80) = 23.2
23.2 x 80 = 1856 W
```

Kwa hiyo ncha ya kijiti inakula karibu wati 1,860. Mashine nayo inapoteza kiasi kwa joto. Mashine ndogo za kisasa, zile nyepesi za kubeba begani, hufikisha kama asilimia 80 ya umeme kwenye ncha, kwa hiyo ukutani zinavuta kama wati 2,320.

Kijiti hicho huisha kwa muda wa dakika moja hivi. Wati 2,320 kwa dakika moja ni kama wati-saa 39. Ukichoma vijiti 30 kwa siku, umetumia takribani wati-saa 1,200, yaani uniti moja na robo ya umeme. Ni umeme mdogo sana. Betri moja ya 200 Ah ya volti 12 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, kwa hiyo hata nusu yake inatosha. Ndiyo maana mzee yule hakuelewa kwa nini betri zake mbili zinashindwa.

Shida ni kwamba inveta haioni zile wati 2,320 peke yake, inaona mzigo mkubwa zaidi. Mashine ya kuchomelea haivuti umeme kwa ulaini kama pasi au jiko. Ile ndogo ya kisasa huvuta kwa vipande, inanyakua kwenye kilele cha wimbi kisha inaachia. Inveta ya sola lazima ibebe ule mnyakuo. Ndiyo maana vifaa hivi hupimwa kwa VA, yaani volti mara ampia, siyo kwa wati peke yake. Kwa mashine nyingi za bei ya chini, gawanya wati kwa 0.65 upate VA. Hapa 2,320 zinakuwa kama 3,570.

Ongeza na sekunde ile ya kuwasha. Kijiti kinapogusa chuma ni shoti kamili, na mashine nyingi kwa makusudi hupandisha ampia pale ili kijiti kisigande. Mimi huongeza asilimia 40 kwa ajili hiyo, na hesabu inafika VA 5,000. Kijiti chembamba cha dirisha kinahitaji inveta ya kVA 5, na hapo bado hatujagusa geji 10.

Transfoma ya mtaani ni mzigo mara mbili

Mashine ya transfoma ina hesabu rahisi zaidi na mbaya zaidi. Chukua volti zake ikiwa haijachoma, zidisha kwa ampia za kuchomea, unapata VA inayovuta ukutani. Mashine ya mzee ilikuwa na volti 60 ikiwa haijachoma. Kwa geji 10, yaani kijiti cha milimita 3.2, alikuwa anachomea ampia kama 120. Mara 60 ni VA 7,200, na kijiti kikiganda inapita hapo. Alikuwa anaitwika inveta ya wati 3,000 mzigo wa zaidi ya mara mbili yake, kila mara alipogusa chuma.

Umeme wa TANESCO unavumilia hilo kwa sababu nyuma yake kuna transfoma kubwa ya mtaa, ingawa majirani wanaona taa zao zinafifia. Inveta haina nyuma. Inajilinda kwa kuzima, au kama ulinzi wake ni dhaifu, transista zake zinapasuka.

Hapo kuna jambo la kuangalia dukani. Inveta nyepesi na ile nzito yenye transfoma ndani zinaweza kuwa na namba ile ile kwenye boksi. Ile nyepesi hubeba mara mbili ya uwezo wake kwa chembe ya sekunde tu, nzito hubeba mara mbili hadi tatu kwa sekunde kadhaa. Kwa kuchomelea na kwa mota, nzito ndiyo inayofaa. Uliza maswali mawili: namba hii ni ya kudumu au ni ya kilele? Na kilele hicho inakishikilia kwa sekunde ngapi? Nimeona nyingi zilizoandikwa 3000 ambazo uwezo wake wa kudumu ni 1,500. Muuzaji akishindwa kujibu, tafuta karatasi ya inveta hiyo usome mwenyewe.

Upande wa betri

Betri haioni VA, inaona wati. Lakini inaona ampia nyingi kwa sababu volti zake ni ndogo. Zile wati 2,320, ukihesabu hasara ya inveta ya asilimia 10, zinatoa kama ampia 215 kwenye mfumo wa volti 12, 107 kwenye volti 24, na 54 kwenye volti 48. Kazi ni ile ile. Kwa hiyo kama umeamua kuchomelea kwa sola, volti 12 isahau kabisa, na 24 ni ya kubahatisha.

Betri ya jeli au ya maji yenye 200 Ah imepimwa kwa kutolewa polepole, ampia 10 kwa saa 20. Ukiivuta kwa ampia 200, kwanza volti zinashuka pale pale kwa sababu ya ukinzani wa ndani, na pili hata kiasi chake kinapungua, unapata kama nusu tu ya kilichoandikwa. Ikivutwa hivyo kila siku, sahani zake huchoka mapema. Kipimo changu kwa kuchomelea ni kutovuta zaidi ya robo ya namba ya Ah: betri ya 200 Ah, ampia 50. Kwa mfano wetu hiyo ni betri nne za 200 Ah kwenye volti 48. Jumla yake ni wati-saa 9,600, za kutumia wati-saa 1,200 kwa siku. Umenunua pipa mara nane ya maji unayohitaji, kwa ajili ya kupata koki nene tu.

Lithiamu ina koki nene zaidi, lakini ina mlinzi ndani yake, BMS. Betri nyingi za volti 51.2 na 100 Ah zina BMS ya ampia 100. Hiyo inatosha kwa kijiti cha geji 12 kwenye mashine ndogo. Kwa transfoma na geji 10, BMS inakata bila onyo na karakana nzima inaingia giza. Soma ampia za BMS kwenye kibandiko kabla ya kuangalia Ah.

Grainda na mota nyingine

Grainda ndogo ya inchi nne na nusu ni wati 700 hadi 900, na ya inchi tisa ni wati 2,000 hadi 2,400. Zote huruka kwa nguvu zinapowashwa, mara kadhaa ya wati zake, lakini ni kwa chembe ya sekunde. Inveta ya wati 2,000 iliyo ya kweli huendesha grainda ndogo bila wasiwasi. Kubwa inataka kVA 5, isipokuwa kama ina mwanzo laini, ile inayoanza kuzunguka taratibu.

Kompresa ndiyo mkorofi kuliko zote. Mota yake haina brashi, na ikiwashwa huvuta mara tano hadi saba ya kawaida kwa sekunde moja au mbili mpaka ishike mwendo. Kompresa ya nguvu farasi 2, ambayo ikitembea ni wati kama 1,900, inaweza kudai VA 10,000 ya kuanzia. Ikiwa tangi lina upepo ndani ni mbaya zaidi, maana mota inaanza huku inasukuma. Ukikuta kompresa inanguruma bila kuzunguka, zima haraka kabla mota haijaungua, fungua koki ya chini utoe upepo, kisha jaribu tena.

Namna ya kubana gharama

Nitaenda kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoitwa, kuanzia lenye gharama ndogo.

Anza na waya. Kabla hujailaumu inveta, angalia ekstensheni. Waya wa 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampia 20, unapoteza karibu volti 15 njiani. Mashine inapungukiwa, fundi anapandisha ampia, inveta inazidiwa. Tumia waya wa 2.5 au 4, uufupishe, na usiuache umezungushwa kwenye roli yake kwa sababu unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Upande wa betri, waya usizidi mita moja na nusu na uwe mnene, wa 50 kwa inveta ya wati 3,000 ya volti 24. Baada ya kijiti cha tatu, ondoa mzigo na uguse kiungio kwa mgongo wa kidole. Kama ni cha moto, hakijakazwa au waya ni mwembamba.

Pili, punguza kijiti. Mafundi wengi huchomea geji 10 kwa mazoea hata kwenye skwea paipu yenye unene wa milimita 1.2. Kwa unene huo geji 12 kwa ampia 60 au 70 inatosha na chuma hakitoboki. Kwa ampia 65, ile hesabu ya juu inashuka toka VA 3,570 hadi kama 2,800. Umepunguza kama moja ya tano ya inveta kwa kubadilisha pakiti ya vijiti na kushusha ampia.

Tatu, badilisha mashine. Transfoma iondoke, ije ile ndogo ya kisasa. Dukani usiangalie namba kubwa iliyochorwa ubavuni, angalia kibati cha nyuma. Tafuta `I1max`, ambazo ni ampia za juu kabisa inazovuta ukutani, na `X`, ambayo ni asilimia ya dakika kumi inayoweza kuchoma bila kupumzika. Mashine yenye `X` ya 30% inachoma dakika tatu, inapumzika saba. Kwa kazi za mageti hiyo inatosha, maana muda mwingi unakwenda kwenye kupima, kubana na kugonga ukoko. Kama kibati hakina `I1max`, mimi huiacha. Zipo mashine zenye saketi ya kusawazisha mvuto, kibati huandika `PFC`. Bei yake iko juu, lakini kwa mwenye inveta ndogo inafidia, kwa sababu VA inakaribiana na wati.

Nne, na hapa ndipo penye pesa nyingi, tenganisha kazi. Sola ibebe taa, simu, drili na grainda ndogo. Kuchomelea kubebwe na jenereta. Jenereta ya petroli ya kilowati 5 hadi 5.5 inaendesha mashine ndogo kwa geji 12 bila shida. Siri yake ni kutoiacha ikinguruma siku nzima. Asubuhi kata vipande vyote kwa grainda ya sola, vipange mezani, vibane kwa klampu, pima pembe. Kisha washa jenereta, choma kila kitu kwa mfululizo, zima. Vijiti 30 kwa namna hiyo vinachukua kama saa moja na nusu, na petroli ni lita mbili na kidogo. Linganisha na betri nne na inveta ya kVA 5, ambazo baada ya miaka michache utazinunua tena.

Jenereta ina adabu zake. Iwashe, iache itulie dakika mbili, ndipo uwashe mashine. Ukimaliza, zima mashine kwanza. Jenereta inapoanza na inapokata mafuta volti zake hupanda na kushuka ovyo, na hicho ndicho kinachoua mashine nyingi za kisasa. Chagua yenye AVR, kidhibiti cha volti. Iweke nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu kali ya kukuonya.

Tano, punguza kuchomelea kwenyewe. Mwombe muuzaji wa chuma akukatie kwa vipimo kabla ya kusafirisha, na hapo kazi ya grainda kubwa inaisha. Mapambo madogo ya dirisha yanakamatwa vizuri kwa ribiti na drili. Grainda na drili za betri zinachajiwa taratibu mchana kwa wati 100 au 200, na mruko wao wote unabaki ndani ya betri yao, hauigusi inveta.

Kuna na njia ya dharura ambayo madereva wa malori wanaijua: betri tatu za gari kwa mfuatano, volti 36, unachomea moja kwa moja bila inveta. Inafanya kazi, kwa sababu betri ya kuwashia injini imetengenezwa kwa mkupuo. Lakini huna pa kupunguza ampia, betri zinachemka, na gesi yake ni haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Waya ziwe ndefu, wewe uwe mita tano au zaidi kutoka betri zilipo, mahali pa wazi, na usichomoe kiungio kwenye betri wakati kazi inaendelea. Ni ya kufunga springi iliyokatika porini kwa vijiti viwili vitatu. Karakana usiiendeshe hivyo.

Kama bado unataka sola peke yake

Wapo ambao petroli haipatikani karibu, kwenye visiwa kwa mfano. Basi fanya hivi. Inveta ya kVA 5 ya volti 48, nzito yenye transfoma. Betri nne za 200 Ah, au lithiamu ya volti 51.2 yenye BMS ya ampia 100 na kuendelea. Mashine ndogo ya kisasa, geji 12 pekee. Choma kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati paneli zinasaidia: paneli nne za wati 550 kwenye jua zuri hutoa kama wati 1,700, kwa hiyo betri inajazia pengo tu. Grainda na mashine visiwashwe kwa pamoja, na kompresa ibaki kwenye mpango mwingine.

Siku ya kwanza weka klampu mita kwenye waya wa betri na mita ya volti kwenye vituo vyake, choma kijiti kizima. Volti za mfumo wa 48 zikishuka chini ya 46 na betri imejaa, kuna kiungio kibaya au betri moja mbovu. Pima kila betri peke yake wakati wa kuchoma. Ile inayoanguka kuliko wenzake ndiyo inayoziangusha zote.

Mzee wa Kilwa

Hakununua betri nyingine. Transfoma aliiuza mjini kwa mtu mwenye umeme wa nguzo, akachukua mashine ndogo na jenereta ya kilowati 5.5. Inveta na betri zake mbili zikabaki na taa, drili na grainda ya inchi nne na nusu. Mwanzoni alikuwa anawasha jenereta kila anapotaka kushika kona moja, na petroli ikamshinda wiki ya kwanza. Tukakaa chini, tukatengeneza meza ya kubania yenye vizuizi vya pembe mraba, dirisha zima likae limebanwa kabla moto haujawaka.

Niliporudi kumtembelea nikaweka klampu mita kwenye waya wa mashine yake akiwa anachoma geji 12. Ilisoma ampia 15, ikapanda 16, na volti za jenereta zikakaa kwenye 222 mpaka kijiti kikaisha.